Jinsi ya kumwandikia mhariri wa picha akuondolee jukwaa la mafundi kwenye picha ya brosha

Ujumbe ninaoupokea mara nyingi kutoka kwa waongoza watalii huwa wa mstari mmoja: "Naomba utoe yale mabomba kwenye picha ya mnara, brosha inaenda kuchapwa." Mimi ni mhariri wa picha. Nikiusoma mstari huo nakurudishia maswali saba, wewe unanijibu mawili, siku inapita, na mpiga chapa anaanza kupiga simu. Halafu naulizwa yale yale kila mara. Kwa nini unataka picha nyingine wakati nimeshakutumia hii? Kwa nini haiishi leo? Kwani kufuta bomba ni kazi gani?

Majibu yote yanatoka mahali pamoja: nyuma ya bomba hakuna picha. Kamera haikuuona ukuta ule, iliona chuma tu. Nikikifuta chuma linabaki pengo, na pengo hilo lazima nilijaze na kitu. Mimi sijawahi kusimama mbele ya jengo lako. Wewe umesimama pale mara mia, unajua dirisha gani liko wapi na jiwe gani limemeguka. Kwa hiyo kazi kubwa ya ujumbe wako ni kunieleza kilichofichwa na jukwaa. Kuniambia kwamba jukwaa lipo si lazima sana, hilo nitaliona mwenyewe.

Uwe na nini kabla ya kuanza kuandika

Kwanza, faili halisi la picha kama lilivyotoka kwenye kamera. Ile iliyozunguka kwenye simu za watu haifai, maana programu za ujumbe hubana picha inapotumwa kama picha ya kawaida, na ukuta wa mawe ukishabanwa hugeuka uji. Itume kama faili, au iweke mahali ninapoweza kuipakua.

Pili, picha ya rejea, yaani picha nyingine ya jengo hilohilo inayoonyesha sehemu iliyofichwa. Moja inatosha ikiwa nzuri, tatu ni bora.

Tatu, ruhusa ya aliyeipiga picha. Kama si wewe uliyeipiga, kumbuka kwamba ruhusa ya kuichapa si ruhusa ya kuibadilisha. Muulize waziwazi, na jibu lake liwe la maandishi.

Nne, ukubwa wa picha kwenye brosha, na tarehe ambayo mpiga chapa anataka kazi mkononi.

Tano, na hili wengi hulisahau, tarehe ambayo mafundi wanatarajia kushusha jukwaa. Waulize wasimamizi wa jengo kabla hujaniandikia.

Hatua kwa hatua

1. Amua kwanza kama jukwaa linafaa kuondolewa.

Linganisha tarehe mbili: siku brosha itakapoanza kugawiwa na siku jukwaa litakaposhushwa. Jukwaa likishuka kabla wageni hawajaanza kufika, liondoe kwa amani. Matengenezo yakiendelea msimu mzima, mgeni atakuwa amelipia safari kwa sababu ya picha ya mnara mtupu, na atakuta mnara uliofunikwa neti. Atakayesimama mbele yake kujieleza ni wewe. Hapo tumia picha ya pembe nyingine, au iache ilivyo na uandike chini yake kwamba jengo linatengenezwa.

Angalia pia ni kiasi gani kimefunikwa. Mabomba membamba yanayoacha ukuta uonekane katikati yake ni kazi ya saa chache. Neti nzito iliyofunika upande mzima wa jengo ni jambo jingine kabisa. Hapo sifuti tena, najenga jengo kwa kubahatisha. Kipimo changu ni hiki: zaidi ya theluthi moja ya uso wa jengo ikiwa haionekani, nakushauri utafute picha nyingine.

2. Taja picha kwa jina la faili.

"Ile picha ya pili uliyoipenda" haitoshi. Andika `IMG_4172.JPG` kama lilivyo. Nimewahi kutumia asubuhi nzima kwenye picha isiyo yenyewe kwa sababu mbili zilipigwa dakika moja, moja ikiwa na wingu na nyingine haina.

3. Chora mipaka juu ya nakala.

Fungua nakala ya picha kwenye simu, usiguse faili halisi, kisha kwa kidole zungushia sehemu zenye jukwaa kwa rangi nyekundu. Zipe herufi: A, B, C. Haihitaji unadhifu. Mstari uliopinda unaosema "hapa ni A" unanisaidia kuliko aya nzima ya maelezo. Nitumie vyote viwili, faili halisi safi na nakala iliyochorwa.

4. Eleza kilicho nyuma ya kila sehemu.

Hapa ndipo uandike kwa kirefu, na hapa ndipo ninapoomba uvumilivu wako. Kwa kila herufi niambie: kuna ukuta mtupu, dirisha, mlango, nguzo au nakshi? Vingapi? Vinafanana na vya upande wa pili?

Swali la kufanana lina kisa nyuma yake. Miaka ya nyuma niliondoa jukwaa kwenye mnara wenye madirisha mawili ya tao, moja kila upande. La kulia lilikuwa nyuma ya mbao. Ujumbe ulisema "toa mbao" basi. Nikachukua dirisha la kushoto, nikaligeuza kama linavyoonekana kwenye kioo, nikaliweka kulia. Lilipendeza. Brosha ikachapwa. Kumbe dirisha la kulia lilizibwa kwa mawe zamani sana, na kuzibwa huko ndiko mwongoza watalii alikokuwa akisimulia kila siku akiwa amesimama chini yake. Wageni walikuwa wakifika na brosha mkononi, wanatazama juu, wanatazama karatasi, wanamuuliza dirisha limeenda wapi. Kosa lilikuwa langu kwa kutouliza. Lakini sentensi moja tu ingelizuia.

Kwa hiyo andika hata kile unachokiona ni cha kawaida: "kulia dirisha limezibwa", "nguzo ya tatu ni nyembamba kuliko nyingine", "jiwe la pembeni limekatika". Majengo ya zamani hayana pacha kamili wa upande wa pili, na mhariri asiyeambiwa huwa anadhani yanaye.

5. Taja vivuli na vitu vinavyofuatana na jukwaa.

Waandishi wengi wanakumbuka mabomba na kusahau vivuli vyake. Jukwaa huacha michirizi ya kivuli ukutani na chini kwenye sakafu, na nikifuta bomba nikaacha kivuli chake, picha itakuwa na vivuli visivyo na mwenyewe. Tazama pia vioo vya madirisha na maji kama yapo mbele ya jengo, maana jukwaa hujitokeza humo pia. Kisha kuna vya chini: uzio wa mabati, mchanga, mifuko ya saruji, kibao cha tahadhari, fundi aliyeinama nyuma ya toroli. Andika kipi kitoke na kipi kibaki.

Neti ina tatizo lake la ziada. Neti ya kijani ikipigwa na jua hurusha rangi yake kwenye mawe ya jirani. Ukiona ukuta karibu na neti una ukijani kidogo, niambie rangi halisi ya jiwe.

6. Andika visivyoguswa.

Mhariri akianza kusafisha, mkono humwendea. Ufa juu ya tao, doa la mvua chini ya dirisha, mmea uliojiotea kwenye ukingo wa paa: vyote ni rahisi kufuta kuliko bomba, na vyote ni sehemu ya jengo. Usipotaja, kuna siku utaletewa mnara uliokuwa mpya kuliko ulivyowahi kuwa.

Maandishi yana sheria yake: herufi zisibuniwe. Kama bomba limepita juu ya kibao cha maandishi, nitumie picha ya kibao hicho iliyopigwa kwa karibu. Kama huna, andika kwamba sehemu hiyo iachwe ama picha ikatwe mahali hapo. Herufi moja iliyokisiwa kwenye tarehe ya kujengwa ni uongo uliochapwa.

7. Sema itatumika wapi, kwa ukubwa gani, na lini.

Kwa brosha inayochapwa tunahesabu pikseli 300 kwa kila inchi. Jalada la A5 lina sentimita 14.8 kwa 21. Ongeza milimita 3 kila upande kwa ajili ya kukatwa, utapata takriban pikseli 1,820 kwa 2,550. Picha yako ikiwa chini ya hapo kwa mbali, niambie mapema tubadilishe mpangilio badala ya kuivuta.

Taja pia kama unataka maelezo mafupi chini ya picha yanayosema jukwaa limeondolewa. Ninapendekeza yawepo. Mstari mmoja mdogo hauharibu jalada.

Ujumbe ukishakamilika unakuwa hivi

> Habari za kazi, Mhariri.
>
> Naomba uniondolee jukwaa la mafundi kwenye picha ya mnara wa saa, faili `IMG_4172.JPG`. Nimeambatanisha faili halisi, nakala niliyoichora, na picha tatu za rejea. Picha zote nimezipiga mwenyewe. Wasimamizi wamesema jukwaa litashushwa wiki sita kabla ya brosha kuanza kugawiwa.
>
> Sehemu A, ukuta wa kulia ghorofa ya pili: nyuma ya mbao kuna dirisha la tao lililozibwa kwa mawe. Halifanani na la kushoto. Litazame kwenye rejea ya 1.
>
> Sehemu B, juu ya mlango: mabomba mawili yanapita mbele ya kibao cha maandishi. Rejea ya 2 inakionyesha kwa karibu. Tafadhali usibuni herufi yoyote.
>
> Sehemu C, chini: toa uzio wa mabati na mifuko ya saruji. Nyuma yake kuna ngazi tatu za mawe, ya chini imelika katikati. Rejea ya 3.
>
> Picha ilipigwa alasiri, jua likitoka kulia. Vivuli vya mabomba vimeangukia ukutani kuelekea kushoto na vingine viko kwenye sakafu, navyo vitoke. Yule mzee aliyeketi kwenye benchi abaki, ameniruhusu.
>
> Usiguse ufa ulio juu ya tao la mlango wala doa jeusi chini ya saa.
>
> Itakuwa jalada la mbele, A5 ya wima. Chini yake paandikwe: "Jukwaa la matengenezo limeondolewa kwenye picha." Naomba nakala ya kukagua Jumatano, mpiga chapa anaitaka Ijumaa.
>
> Ahsante sana.

Ujumbe huu husomwa kwa dakika moja na nusu. Mtu akiniandikia hivi sina swali la kurudisha, nakaa kitini na kuanza kazi.

Ona alivyotaja saa na upande wa jua. Bila hilo ningeweza kukopa mawe ya upande wa kushoto, ambayo yana mwanga tofauti, na kiraka kingeonekana hata kwa mtu asiyejua kwa nini kinamsumbua jicho.

Tahadhari kuhusu picha za rejea

Picha ya zamani ya kabla ya matengenezo huwa ndiyo ya kwanza kukimbiliwa, na mara nyingi inafaa. Lakini mafundi hawapandi jukwaa kutazama mandhari. Wanabadilisha kitu. Mnara wa Elizabeth wa London, ule wenye kengele ya Big Ben, ulifungiwa jukwaa katika matengenezo yaliyoanza 2017 na kumalizika 2022. Saa iliyokuwa na mishale na namba nyeusi ikarudi ikiwa ya buluu, kwa sababu uchunguzi wa tabaka za rangi ulionyesha buluu ndiyo iliyokuwa ya awali. Sasa fikiria mhariri aliyekuwa amepewa picha ya 2015 kama rejea. Angerudisha saa nyeusi kwa uaminifu wote, na brosha ingeonyesha mnara ambao haupo tena.

Kwa hiyo waulize mafundi au wasimamizi: kuna rangi inayobadilika? Kuna sehemu inayojengwa upya? Jibu lao liandike kwenye ujumbe.

Rejea nzuri imepigwa kutoka karibu na pale ulipopigia picha kuu, saa inayokaribiana nayo. Rejea iliyopigwa chini kabisa ya ukuta huku kamera ikitazama juu inanionyesha dirisha lililobanwa juu na kupanuka chini. Inanisaidia kujua umbo, lakini siwezi kuchukua mawe yake na kuyabandika.

Nakala ya kukagua ikirudi

Usiitazame kwenye simu ikiwa ndogo ukajibu "iko poa". Ifungue kwenye kompyuta kwa ukubwa wa asilimia 100, weka picha halisi pembeni, kisha pitia sehemu A, B na C moja baada ya nyingine.

Anza kwa kuhesabu: madirisha, nguzo, ngazi. Kisha fuata kwa jicho mistari ya mawe kutoka sehemu isiyoguswa kwenda iliyojazwa. Mstari ukikatika au ukipanda ghafla, kiraka hakikukaa sawa. Tafuta jiwe lenye doa la kipekee kisha uangalie kama linajirudia hatua chache mbele, maana hiyo ndiyo alama ya mhariri aliyekopa sehemu moja mara mbili. Mwisho tazama vivuli vya madirisha. Kama dirisha moja lina kivuli upande wa kushoto na la jirani upande wa kulia, mojawapo limegeuzwa.

Ukiona kosa, lionyeshe kwa mchoro na herufi kama mwanzo. "Pale juu hapajakaa vizuri" litanirudisha kwenye maswali saba.

Mambo yakikwama

*Huna picha ya rejea na jukwaa bado lipo.* Rudi kwenye jengo. Kama ni mabomba bila neti, simama pale ulipopigia picha kuu, piga moja, sogea hatua mbili kushoto, piga nyingine, kisha hatua mbili kulia. Jukwaa limesimama mbele ya ukuta kidogo, hivyo ukisogea, bomba nalo huhama mbele ya ukuta, na jiwe lililofichwa kwenye picha ya kwanza linaonekana kwenye ya pili. Picha tano za namna hiyo zimewahi kunipa ukuta mzima bila kubuni hata jiwe moja. Kwenye neti njia hii haifanyi kazi.

*Mhariri amesema haiwezekani.* Muulize ni sehemu gani hasa. Mara nyingi ni sehemu moja tu, na unaweza kukubali picha ikatwe hapo. Jalada la saa na paa tu, lililo wazi na la kweli, ni bora kuliko mnara mzima wenye ghorofa ya kubuni.

*Picha ni ndogo.* Usiikuze mwenyewe kabla ya kunitumia, itaniondolea hata ule undani uliokuwepo. Nitumie ilivyo, tuipeleke ukurasa wa ndani kwa ukubwa wa robo.

*Mpiga picha amekataa ibadilishwe.* Ni haki yake. Piga nyingine, au muulize kama atakubali kukatwa tu pembeni bila kufutwa kitu.

*Jukwaa limechelewa kushuka na brosha imeshachapwa.* Chapa karatasi ndogo ya kuchomeka ndani yenye tarehe mpya, na uwaambie wageni kabla hawajapanda gari.